Dakika 45 zilizokula dola milioni 460: kwa nini njia ya kurudi nyuma inapaswa kuchorwa kabla ya kupeleka programu

Ilikuwa Jumatano tarehe 1 Agosti 2012, mjini New York. Soko la hisa lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, saa za kule, kama siku zote. Ndani ya dakika chache, wafanyabiashara waliona jambo la ajabu: bei za hisa za makampuni kadhaa zilipanda na kushuka bila habari yoyote ya kuzisukuma. Kuna mtu alikuwa ananunua na kuuza kwa kasi isiyoeleweka.

Mtu huyo alikuwa mashini. Kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa moja ya makampuni makubwa ya kupitisha maagizo ya hisa nchini Marekani, ilikuwa imeweka programu mpya kazini. Hadi ilipofanikiwa kuisimamisha, zilikuwa zimepita dakika kama 45. Maagizo madogo 212 ya wateja yalikuwa yamezaa manunuzi na mauzo zaidi ya milioni 4, kwenye hisa za makampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Hakukuwa na mwizi wala mshambuliaji kutoka nje. Kode mpya, yaani maandishi ya programu yaliyoandikwa na wahandisi wa kampuni, ndiyo iliyokuwa nzima. Kilichoharibika ni safari yake, kutoka mikononi mwa aliyeiandika hadi kwenye mashini zinazofanya kazi. Na kilichozidisha moto ni kwamba, walipotaka kurudi nyuma, kurudi kwenyewe kuliwaumiza zaidi.

Leo vijana wengi wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa wanaandika programu za simu, za maduka, za shule na za malipo. Wengi wao wanajua vizuri kuandika kode. Lakini ukiwaomba wakuchoree kwenye karatasi njia ambayo kode yao inapita hadi kumfikia mteja, na hasa njia ya kurudi mambo yakiharibika, kalamu husimama. Tuichore hapa, kisha tuone Knight Capital ilianguka wapi.

Mchoro wenyewe

Wahandisi huiita njia hiyo paiplaini, yaani bomba la kupitishia kode. Kwa programu ya kawaida, inachorwa hivi:

```
 kode mpya (git push)
      |
 1. kujenga kifurushi
      |
 2. majaribio madogo ------ yakikataa --> kwa mwandishi
      |
 3. majaribio ya pamoja --- yakikataa --> kwa mwandishi
      |
 4. serveri ya mazoezi
      |
 5. BARIERI: mtu wa pili aidhinisha
      |
 6. serveri 1 ya kazi, tazama
      |
 7. serveri zote, hesabu
      |
 8. kuangalia ------------- hatari -----> kifurushi cha jana
```

Tuipite taratibu. Mwandishi anamaliza sehemu yake, anaihifadhi na kuituma kwenye hazina ya pamoja. Kila hifadhi inapewa alama yake, herufi na tarakimu ambazo hazifanani na za hifadhi nyingine, kwa mfano `4f2a9c1`. Alama hiyo ni kama namba ya mzigo kwenye lori: itaufuata mzigo hadi mwisho wa safari.

Hatua ya kwanza ni kujenga kifurushi. Mashini inachukua kode, inaongeza vitu vyote inavyovihitaji, na kuvifunga pamoja. Kanuni hapa ni moja: kifurushi kinajengwa mara moja tu. Kile kilichojaribiwa ndicho kitakachopelekwa kazini. Ukijenga upya kwa ajili ya serveri za kazi, umepeleka kitu ambacho hakuna aliyekijaribu, hata kama kode ni ile ile, kwa sababu kati ya asubuhi na jioni kitu kimoja kati ya vile vinavyoongezwa kinaweza kuwa kimebadilika.

Hatua ya pili ni majaribio madogo, yanayopima kipande kimoja kimoja: je, hesabu ya franka kuwa dola ni sahihi? Je, namba ya simu yenye tarakimu pungufu inakataliwa? Haya huchukua sekunde au dakika chache, ndiyo sababu yanatangulia. Hatua ya tatu ni majaribio ya pamoja, ambapo programu inaunganishwa na hifadhidata ya kweli ya majaribio na kuulizwa maswali mazima: mzazi alipe, risiti itoke, deni lipungue. Haya ni mazito na ya polepole. Jaribio lolote likikataa, mzigo unarudishwa kwa mwandishi, na hakuna mteja aliyeumia.

Hatua ya nne ni serveri ya mazoezi, inayofanana na ile ya kazi lakini haina wateja. Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye barieri.

Barieri ya kweli na barieri ya kamba

Kila mkaaji wa mashariki ya Congo anaijua barieri. Anajua pia kwamba kuna barieri ambapo mzigo unafunguliwa na kuhesabiwa, na kuna ile ambapo kamba inashushwa bila mtu kutazama ndani ya gari. Katika paiplaini nazo zipo za aina hizo mbili.

Kwa wanaotumia GitLab, barieri inaandikwa hivi kwenye faili la `.gitlab-ci.yml`:

```yaml
peleka_kazini:
  stage: production
  script:
    - ./peleka.sh "$CI_COMMIT_SHA"
  environment: production
  when: manual
  allow_failure: false
```

Mstari wa `when: manual` unasema kazi hii isianze yenyewe, isubiri mtu abonyeze. Mstari wa `allow_failure: false` unasema kwamba, hadi abonyeze, njia nzima imesimama hapo. Ukiusahau mstari huu wa mwisho, GitLab itaihesabu hatua hiyo kuwa ya hiari, na paiplaini itaonyesha alama ya kijani kama kazi imeisha, wakati kifurushi bado hakijaenda popote.

Lakini angalia: mistari hii haisemi ni nani abonyeze. Mwandishi mwenye ruhusa kwenye tawi hilo anaweza kubonyeza mwenyewe mzigo wake. Hiyo ni barieri ya kamba. Ili iwe ya kweli, mazingira ya kazi yanapaswa kulindwa, na orodha ya wanaoruhusiwa kuidhinisha iwekwe, huku mwandishi wa mabadiliko akiwa hawezi kujiidhinishia.

Hata hivyo, mtu wa pili peke yake hatoshi. Anayeidhinisha anapaswa kuwa na kitu cha kutazama. Ukimwonyesha kitufe tu, atabonyeza, kwa sababu jana alibonyeza na juzi alibonyeza na hakuna kilichotokea. Mpe maswali matatu ya kujibu. Kifurushi kinachokwenda kina alama gani, na je, ndicho kilichopita majaribio? Ni serveri zipi zinazopokea? Na tukitaka kurudi, tunarudi kwenye alama ipi, na je, imejaribiwa kwamba inakubali kurudi? Swali hili la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lililoiangusha Knight Capital.

Serveri ya nane

Kilichotokea kinajulikana kwa kina, kwa sababu tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, iliandika yote katika uamuzi wake wa Oktoba 2013.

Knight Capital ilikuwa na programu iliyoitwa SMARS. Kazi yake ilikuwa kupokea agizo kubwa, kulikata katika maagizo madogo, na kuyatuma sokoni. Ilikuwa inaendeshwa kwenye serveri nane. Soko la Hisa la New York lilikuwa limetangaza kwamba tarehe 1 Agosti lingeanzisha utaratibu mpya kwa ajili ya wateja wadogo, na Knight iliandika kode mpya ili iweze kushiriki.

Ndani ya SMARS mlikuwa na kode ya zamani, jina lake Power Peg. Kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003, lakini haikuiondoa. Ilibaki ndani kama mtambo wa zamani uliosahauliwa kwenye depo huku bado umeunganishwa na umeme. Mwaka 2005 wahandisi walihamisha sehemu iliyokuwa inahesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ile iliyoiambia programu "agizo limetimia, simama". Baada ya kuihamisha, hawakuijaribu tena Power Peg. Kwa nini wajaribu kitu kisichotumika?

Kode mpya ya mwaka 2012 ilipaswa kuchukua nafasi ya Power Peg. Ili kuiwasha, wahandisi walitumia swichi ile ile iliyokuwa ikiwasha Power Peg zamani. Kwenye serveri yenye kode mpya, swichi iliwasha kazi mpya. Kwenye serveri yenye kode ya zamani, swichi hiyo hiyo ingeamsha Power Peg.

Kuanzia tarehe 27 Julai, fundi alianza kunakili kode mpya kwenye serveri, chache chache kila siku. Wazo hilo lenyewe lilikuwa zuri. Lakini serveri moja kati ya nane haikupata kode mpya. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua, na hakukuwa na maandishi yoyote ya kampuni yaliyodai ukaguzi huo. Kwa maneno ya mchoro wetu, hatua ya 5 haikuwepo, na hatua ya 7 haikuwa na neno "hesabu".

Neno hilo moja lina thamani gani? Tazama amri hii, kwa kampuni yenye serveri nane ambapo kila moja ina faili linalotaja alama ya kifurushi chake:

```sh
for s in s1 s2 s3 s4 s5 s6 s7 s8; do
  ssh "$s" cat /opt/programu/VERSION
done | sort | uniq -c
```

Inazipitia serveri zote, inasoma alama, kisha inahesabu ngapi zinafanana. Fundi akisahau moja, jibu linatoka hivi:

```
      7 4f2a9c1
      1 b07d3e8
```

Mistari miwili ni hatari: kuna matoleo mawili kazini. Jibu zuri ni mstari mmoja tu, na namba yake iwe 8. Usiridhike na mstari mmoja bila kutazama namba, kwa sababu serveri iliyozimika haijibu, nawe utaona `7` ikiwa peke yake na kudhani mambo ni sawa. Kazi hii ya sekunde chache haifai kuachiwa kumbukumbu ya mtu. Iandikwe ndani ya paiplaini yenyewe, na paiplaini ikatae kuendelea hesabu isipotimia.

Barua 97 ambazo hakuna aliyezisoma

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, saa mbili na dakika moja hivi, karibu saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wa Knight ulianza kutuma barua pepe kwa kundi la wafanyakazi wake. Zilifika 97 kabla ya ufunguzi. Zilitaja SMARS, na zilibeba maneno ya kosa yaliyoitaja Power Peg kwa jina.

Hakuna aliyechukua hatua. Barua hizo hazikutengenezwa ziwe king'ora. Zilikuwa barua za mfumo, na kwa kawaida wafanyakazi hawakuzisoma. Hili ni la kukumbuka unapochora hatua ya 8. Kuangalia hakumaanishi kutuma ujumbe mwingi. Kunamaanisha kuchagua vipimo vichache, kuweka mpaka, na kumtaja mtu ambaye simu yake italia. Kwa programu ya malipo, vipimo vinaweza kuwa viwili: malipo mangapi kati ya mia yanashindwa, na idadi ya malipo kwa dakika ikilinganishwa na saa kama hiyo jana. Kama Knight ingekuwa na kipimo kimoja tu kinacholinganisha maagizo yaliyoingia na yaliyotoka, kingelia katika dakika ya kwanza: yaliingia machache, yakatoka mengi yasiyo na mwisho.

Walirudi nyuma, moto ukaongezeka

Soko lilipofunguliwa, serveri saba zilifanya kazi vizuri. Ya nane ilipokea maagizo ya wateja, ikakuta swichi imewashwa, na ikaamsha Power Peg. Kwa kuwa sehemu ya kuhesabu ilikuwa imehamishwa mwaka 2005, Power Peg haikujua kamwe kwamba agizo limetimia. Iliendelea kutuma, na kutuma, na kutuma.

Wahandisi waliona kuna hatari lakini hawakujua inatoka wapi. Wakafanya kile ambacho mhandisi yeyote angefikiria kwanza: tumeweka kode mpya, mambo yameharibika, basi tuiondoe kode mpya. Wakaiondoa kwenye zile serveri saba zilizokuwa nzima.

Kode mpya ilipoondoka, kode ya zamani ilirudi, na Power Peg ndani yake. Lakini swichi ilibaki imewashwa, kwa sababu swichi haikuwa sehemu ya kode iliyoondolewa. Sasa zile saba nazo zikaanza kufanya kama ile ya nane. Njia ya kurudi ilizidisha ugonjwa.

Hapa ndipo penye somo la habari hii yote. Kwenye mchoro wa wengi, njia ya kurudi ni mshale mmoja unaosema "kifurushi cha jana". Mshale huo unaahidi kwamba ukirudisha kode ya jana, umeirudisha jana. Si kweli. Kode inarudi, lakini kuna vitu vinavyobaki leo: swichi na mipangilio, hifadhidata, na yale yaliyokwisha kutoka nje, kama vile pesa zilizotumwa au ujumbe uliomfikia mteja. Kode ya jana inaamka katika nyumba ya leo, na huenda haiitambui.

Mfano wa safu ya simu

Tuone jinsi hilo linavyotokea kwenye programu ndogo. Tuseme timu ya watu watatu ina programu ya kulipia ada ya shule kwa simu. Katika hifadhidata kuna jedwali la wazazi, lenye safu inayoitwa `simu`. Timu inaamua kuiita `namba_ya_simu`. Wanabadilisha jina la safu, wanabadilisha kode, majaribio yote yanapita, mtu wa pili anaidhinisha, wanapeleka saa nne asubuhi.

Saa nne na dakika ishirini wanagundua kwamba risiti hazitoki. Kosa ni dogo, halihusiani na safu ile. Wanavuta mshale wa kurudi. Kifurushi cha jana kinaamka, kinaiuliza hifadhidata safu ya `simu`, na hifadhidata inajibu kwamba safu hiyo haipo. Kabla ya kurudi, risiti tu ndizo zilikuwa hazitoki. Baada ya kurudi, hakuna mzazi hata mmoja anayeweza kulipa.

Dawa ni kukata badiliko moja katika safari nne, na kati ya kila safari na inayofuata, kifurushi kipya na kile cha kabla yake viweze wote wawili kuishi na hifadhidata iliyopo.

Safari ya kwanza inaongeza tu, haiondoi:

```sql
ALTER TABLE wazazi ADD COLUMN namba_ya_simu text;
```

Kode ya safari hii inaandika kwenye safu zote mbili, lakini inasoma ile ya zamani. Ukirudi nyuma, kifurushi cha kabla yake kinaikuta `simu` mahali pake, na safu mpya haimsumbui mtu. Kisha namba za zamani zinanakiliwa kwenye safu mpya, na inahakikishwa kwamba hakuna mzazi aliyesahauliwa. Safari ya pili inaanza kusoma safu mpya, ikiendelea kuandika zote mbili. Ukirudi kutoka hapa, safu ya zamani bado ina habari zote, hata za mzazi aliyejiandikisha dakika tano zilizopita. Safari ya tatu inaacha kuandika ya zamani. Safari ya nne, baada ya siku kadhaa za utulivu, inaifuta.

Tambua kwamba kufuta ndiyo safari isiyo na mshale wa kurudi. Baada yake hakuna kitufe cha kurudisha, kuna nakala ya akiba tu, na nakala ya akiba ya usiku haina malipo ya asubuhi. Kwa hiyo katika mchoro wako, safari ya kufuta ichorwe kwa alama tofauti, na barieri yake iwe nzito kuliko nyingine zote.

Kwa swichi, kanuni ni rahisi zaidi: swichi mpya ipewe jina jipya. Jina la zamani lisitumiwe tena kwa kazi nyingine, hata kama linaonekana halina mwenyewe. Na kode isiyotumika iondolewe kabisa, kwa safari yake yenyewe, kabla ya kuleta ile ya kuchukua nafasi yake. Kama Power Peg ingekuwa imefutwa mwaka 2003, serveri ya nane ingekuwa tu serveri iliyochelewa.

Jaribu kurudi, siyo kwenda tu

Mtu anajuaje kwamba mshale wake wa kurudi ni wa kweli? Kwa kuutumia wakati hakuna hatari. Kwenye serveri ya mazoezi, hatua ya 4, paiplaini ifanye mambo matatu kwa mpangilio. Iweke kifurushi kipya pamoja na mabadiliko ya hifadhidata na swichi zake. Irudishe kifurushi cha jana, bila kugusa hifadhidata wala swichi. Kisha iendeshe tena majaribio ya pamoja ya jana. Yakipita, una njia ya kurudi. Yakikataa, huna, na ni afadhali ulijue jambo hilo siku ya mazoezi.

Jaribio hilo lingeionyesha timu yetu ya ada ya shule kosa la `simu` kabla ya mzazi yeyote kuguswa. Kwa Knight, lingeonyesha kode ya zamani ikiamka huku swichi imewashwa.

Kuna jambo jingine kuhusu mshale huo. Njia ya kwenda ina barieri, lakini njia ya kurudi isiwe nayo. Anayekuwa zamu awe na ruhusa ya kurudisha bila kumtafuta mkubwa kwenye simu, kwa sababu idhini ilikwisha kutolewa siku ile mtu wa pili alipojibu swali la tatu. Barieri kwenye njia ya kurudi huongeza dakika, na dakika ndizo zilizoiua Knight: dola milioni 460 kwa dakika 45 ni zaidi ya milioni 10 kila dakika.

Na kabla ya kurudi, kuna kusimama. Knight haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kufanya nini hatari ikitokea, ndiyo maana wahandisi wake walikuwa wanatafuta kosa huku maagizo yakiendelea kutoka. Kwa programu inayogusa pesa, chora swichi moja ya kusimamisha kila kitu. Mteja kuona maneno "Huduma imesimama kwa muda, tafadhali subiri" ni aibu ndogo. Ukiwa hujui kosa liko wapi, simama kwanza, kisha ndipo uchague kama kurudi kutasaidia au kutaharibu.

Mchoro huu una mipaka yake pia. Hauwezi kurudisha pesa zilizokwisha kutumwa. Hisa ambazo Knight ilinunua asubuhi ile zilibaki mikononi mwake, na ilibidi iziuze kwa hasara. Ndiyo maana hatua ya 6 ipo, ile ya kuanza na serveri moja na kutazama: inapunguza ukubwa wa kile kisichorudishika. Lakini serveri hiyo moja inasaidia tu ikiwa inapata wateja wa kweli na kuna anayeitazama. Knight iliweka kode chache chache kuanzia tarehe 27 Julai, lakini kazi mpya ilingoja ufunguzi wa tarehe 1 Agosti. Hapo iliwashwa kote kwa mara moja.

Siku chache baada ya ajali, kundi la wawekezaji liliipa Knight Capital dola milioni 400 ili isife papo hapo, nao wakachukua sehemu kubwa ya kampuni. Mwaka 2013 iliungana na kampuni ya Getco, na haikujitegemea tena. Mwaka huo huo SEC iliitoza faini ya dola milioni 12.

Anayetaka kuanza leo hahitaji mashini za bei kali. Achukue karatasi, achore hatua nane za programu yake kama zilivyo, siyo kama angependa ziwe. Kisha aweke kidole kwenye mshale wa kurudi na kujiuliza: mara ya mwisho tuliupita lini, na swichi na hifadhidata zilikuwa katika hali gani siku hiyo? Kama hakuna anayekumbuka, mshale huo bado ni wa kwenye karatasi tu.